Baraka na Fizi: Aliyepoteza kazi ajifiche au ajionyeshe?

Katika mji wa Baraka, mtu akipoteza kazi ya ONG, habari hufika sokoni mbele yake. Asubuhi jirani anaona kwamba gari la biro halikupita kumchukua. Jioni anaona koti lenye alama ya shirika limeanikwa kwenye kamba na halivaliwi tena. Lakini mtu huyo huyo akifungua ukurasa wake wa LinkedIn, bado ameandika kwamba yuko kazini, kana kwamba hakuna kilichotokea. Na kama amethubutu kutangaza kwamba anatafuta kazi, mara nyingi amechagua njia ya siri, ile inayoonekana na waajiri fulani tu.

Uchaguzi huo una sababu zake, na sababu kubwa ni aibu. Lakini kwa wengi waliofungiwa kontra katika teritware ya Fizi, ni uchaguzi mbaya. Njia ya siri ilitengenezwa kwa mtu ambaye bado ana kazi na anaogopa bosi wake. Mtu aliyekwisha kuachishwa hana bosi wa kumficha. Anachofanya ni kujificha mbele ya watu wale wale wanaoweza kumwita.

Suala hili limekuwa zito tangu mwanzo wa mwaka 2025. Tarehe 20 Januari mwaka huo, rais wa Marekani Donald Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nchi yake kwa mataifa ya nje kwa siku 90. Siku nne baadaye mashirika yalianza kupokea barua za kusimamisha kazi. Tarehe 10 Machi waziri wa mambo ya nje, Marco Rubio, alitangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa, na tarehe 1 Julai shirika hilo likaacha kabisa kuendesha misaada. Kwa Kongo pigo lilikuwa kubwa, kwa sababu mwaka 2024 karibu asilimia 70 ya pesa za misaada ya kiutu nchini zilitoka Marekani.

Fizi ni mahali ambapo pigo kama hilo linafika hadi jikoni. Kuna kambi ya Lusenda na eneo la Mulongwe wanakoishi wakimbizi wa Burundi, kuna wakimbizi wa ndani waliotoroka vita vya milimani, kuna kipindupindu kinachorudi kila mara kando ya ziwa Tanganyika. Kazi za kuchimba visima, kupima watoto wenye utapiamlo, kulinda depo, kuendesha magari na kuandika hesabu zimelisha familia nyingi kwa miaka. Tena, mtu anayepoteza kazi hapa hana mfuko wa kumshika mkono, kwani CNSS hulipa pensheni, ajali na magonjwa ya kazini na posho za familia, lakini haina malipo ya mtu asiye na kazi. Dekonti ya mwisho ikiisha, imeisha.

Wala hii si mara ya kwanza. Mwisho wa mwaka 2020, Madaktari Wasio na Mipaka walitangaza kwamba wanasimamisha sehemu kubwa ya kazi zao katika teritware ya Fizi baada ya visa vya vurugu vilivyowagusa hata wafanyakazi wao. Wenyeji wa Baraka wanajua basi mambo mawili kwa pamoja: kazi ya shirika inaweza kwisha kwa siku moja, na kujulikana kuwa mtu wa shirika kunaweza kuwa hatari. Ndiyo maana jibu la swali la kujionyesha haliwezi kuwa la haraka. Lazima kwanza kujua kila njia inamwonyesha nani na nini.

LinkedIn humpa mtu anayetafuta kazi kitufe kilichoandikwa "Open to", kilicho chini ya jina lake. Akikibonyeza na kuchagua "Finding a new job", anaulizwa mambo machache: majina ya kazi anazotaka, ambayo hayazidi matano, mahali anapotaka kufanyia kazi, lini anaweza kuanza, na aina ya kontra, iwe ya muda wote, ya muda mfupi au ya nusu siku. Swali la mwisho ndilo lenye uzito: nani aone? Hapo kuna majibu mawili. La kwanza ni "All LinkedIn members", yaani kila mtu aliye kwenye mtandao huo. Akichagua hilo, picha yake inazungukwa na duara la kijani lenye maneno #OPENTOWORK, alama iliyoanza kutumika mwaka 2020 wakati Korona ilipowaondoa watu kazini duniani kote. La pili ni "Recruiters only". Hapo hakuna duara, na picha inabaki kama ilivyokuwa.

Wengi wanasoma maneno hayo ya pili na kufikiri kwamba "recruiters" ni kila mtu anayeajiri. Sivyo. Maana yake ni watu wanaotumia chombo cha LinkedIn kinachoitwa Recruiter, ambacho shirika hulipia. Ndani ya chombo hicho, mtafuta wafanyakazi anaweza kuandika jina la kazi na mahali, kisha akaomba aonyeshwe kwanza wale waliosema wako tayari. Asiye na chombo hicho haoni kitu. Anaweza kufungua ukurasa wa mtu, akasoma kazi zake zote, na asijue kamwe kwamba mtu huyo anatafuta.

Sasa nani huajiri Baraka? Mara nyingi ni afisa wa RH anayeshughulika pia na mishahara, likizo na mikataba ya walinzi. Ni mkuu wa lojistiki anayehitaji mtunza depo kabla malori hayajafika. Ni mkuu wa mradi wa ONG ya wenyeji iliyopata pesa za miezi sita. Watu hao, kama wana LinkedIn, wana akaunti ya bure kwenye simu. Leseni ya Recruiter, pale shirika linapoinunua, huwa mikononi mwa watu wa makao makuu, Nairobi, Kinshasa au Jeneva, ambao hutafuta wakuu wa miradi, madaktari wa upasuaji au wataalamu wa fedha wa kupeleka nchi mbalimbali. Hawatafuti mtunza depo wa Baraka.

Hapo ndipo uamuzi unapogawanyika. Mtu wa ngazi ya juu, anayejua Kiingereza na yuko tayari kuhamia Bangui au Juba, anaweza kupata faida kwenye njia ya siri, kwa maana wanaomtafuta wana chombo cha kumwona. Lakini mhamasishaji wa afya, fundi wa maji, dereva, mtunza depo au mhasibu msaidizi anayetaka kubaki kati ya Fizi, Uvira na Kalemie, akichagua "Recruiters only" amepiga kengele katika nyumba isiyo na mtu.

Chukua mfano uliotengenezwa kwa ajili ya kuelewa jambo hili. Mtunza depo mmoja mwenye miaka 34 amefanya kazi miaka minne na shirika linalogawa chakula na vifaa vya nyumbani. Kontra yake ilikuwa iishe Desemba, lakini pesa za mradi zikakatika na akapewa barua mwezi wa tatu. Anakaa Baraka, ana watoto watatu shuleni, na dekonti yake inaweza kumfikisha miezi miwili. Usiku anafungua LinkedIn, anajaza kila kitu, na mwishoni anachagua "Recruiters only". Anawaza wanafunzi aliosoma nao chuoni, anawaza shemeji yake aliye Bukavu, na hataki waone duara la kijani kama kibao cha msiba juu ya uso wake.

Kisha anangoja. Wiki tano zinapita. Anaona watu wawili wamefungua ukurasa wake, wote wawili ni marafiki. Simu haiiti. Siku moja anakutana na mama mmoja aliyefanya naye kazi zamani, ambaye sasa ni msaidizi wa lojistiki katika shirika lingine pale Baraka. Mama huyo anashangaa: "Yaya, nawe ulifungiwa? Sisi tulitafuta mtunza depo wiki mbili zilizopita. Nilipita kwenye ukurasa wako, nikaona bado uko kazini, nikaacha."

Maneno hayo yanaonyesha makosa mawili. Kosa la kwanza ni ile njia ya siri, ambayo ilimficha mbele ya mtu aliyekuwa akimtafuta kwa jina. Kosa la pili ni kubwa zaidi na halihusu duara: hakuandika tarehe ya mwisho ya kazi yake. Mtu akiacha kazi yake ya zamani imeandikwa kuwa inaendelea, kila anayepita anaelewa kwamba ana kontra. Hata mwenye chombo cha kulipia anapewa habari mbili zinazopingana, moja ikisema anatafuta, nyingine ikisema yuko kazini.

Tena, kuna kinga moja ndani ya njia ya siri ambayo kwake haina kazi yoyote. LinkedIn inasema hujaribu kuwaficha watu wa "Recruiters only" mbele ya watafuta wafanyakazi wa kampuni wanakofanya kazi sasa, ingawa yenyewe inakubali kwamba haiwezi kuhakikisha siri kamili. Kinga hiyo ina maana kwa mhasibu aliye bado kazini ambaye hataki mkuu wake ajue. Kwa mtunza depo huyu, mkuu wake ndiye aliyetia sahihi barua ya kumwachisha. Siri inalindwa dhidi ya mtu anayeijua tayari.

Baada ya mazungumzo yale, mtunza depo anarekebisha ukurasa. Anaandika mwezi wa mwisho wa kazi. Anabadilisha uchaguzi na kuweka "All LinkedIn members". Kwenye majina matano ya kazi anaweka Magasinier, Gestionnaire de stock, Assistant logistique, Logisticien, na la tano Storekeeper, kwa kuwa mtu wa Nairobi akitafuta hataandika neno la Kifaransa. Mahali, haandiki Baraka peke yake. Anaongeza Uvira na Kalemie, kwa sababu anaweza kufika huko, na anaacha miji ambayo hawezi kwenda. Jambo hili la mwisho linahitaji ukweli. Tangu M23 ilipoingia Bukavu katikati ya Februari 2025, na serikali ya jimbo kuhamia Uvira, na kisha Uvira nayo kuingiliwa mwezi wa Desemba, ramani ya wapi mtu anaweza kusafiri imebadilika zaidi ya mara moja. Kuandika mji ambao njia yake imefungwa ni kuahidi kitu ambacho hakitatimia siku ya usaili.

Halafu anaandika maneno mafupi ya kutangaza. Mara ya kwanza anaandika kwamba anatafuta kazi yoyote na anamtumaini Mungu. Imani ni yake, lakini "kazi yoyote" haimsaidii anayesoma, maana hakuna biro inayotafuta mtu wa kazi yoyote. Anafuta na kuandika kwamba kontra yake imekwisha kwa sababu ufadhili wa mradi ulikatwa. Kwamba kwa miaka minne alishika depo, akipokea na kutoa mali kwa fishi za stoki, akifanya hesabu ya mali kila mwezi. Kwamba anaweza kuanza mara moja Baraka, Uvira au Kalemie. Na kwamba anaomba wenzake wamtumie tangazo lolote la lojistiki watakaloliona. Mistari sita inatosha.

Sentensi ile ya kwanza, kwamba ufadhili ulikatwa, ina kazi yake. Inajibu swali ambalo kila afisa wa RH analo kichwani: aliachishwa kwa sababu gani? Asiposema, wengine watajaza pengo kwa dhana ya wizi au ugomvi. Na ombi la mwisho lina kazi kubwa zaidi. Mara chache sana mtu wa Baraka ataajiriwa moja kwa moja kutoka kwenye LinkedIn. Kazi za hapa hupitia tangazo, ambalo hubandikwa kwenye kibao mbele ya biro, au kuwekwa kwenye tovuti kama mediacongo.net na ReliefWeb, kisha bahasha au barua pepe, mtihani wa kuandika, na usaili. Tangazo lenyewe mara nyingi hukaa siku chache tu. Faida ya kujionyesha ni kwamba siku tangazo linapotoka, watu kumi wanakumbuka jina lako na mmoja wao anakutumia kabla tarehe haijapita.

Kwa hiyo duara la kijani halitoshi bila makaratasi. Yule mtunza depo anapaswa kuwa na hati ya mwisho wa kazi, ambayo sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inamlazimisha mwajiri kuitoa, ikionyesha aina ya kazi na muda aliofanya. Anapaswa pia kujiandikisha ONEM, ofisi ya taifa ya ajira, kwani matangazo mengi huomba kadi ya mtafuta kazi. Na awe ameomba ruhusa ya watu wawili wa kumshuhudia, akiwa na namba zao zinazofanya kazi leo, si za mkuu aliyekwisha kurudi Ulaya na kubadilisha simu. Mtu akijionyesha leo na kuitwa kesho, kisha akaanza kutafuta hati Bukavu, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Kuna wanaopinga duara la kijani kwa hoja nyingine. Wanasema linamshusha mtu, kwamba mwajiri akiona anahitaji sana kazi atampa mshahara mdogo. Hoja hiyo inaweza kuwa na uzito kwa mkurugenzi wa benki anayejadiliana mshahara wake peke yake. Katika mashirika ya Fizi, mshahara wa wafanyakazi wa kitaifa hufuata jedwali la ngazi. Mtunza depo hupewa ngazi yake kwa kazi na uzoefu, na sura yake kwenye simu haibadilishi jedwali. Tena, mwaka ambao biro nzima zimefungwa, kusema kwamba umefungiwa kontra hakumtofautishi mtu na jirani yake. Aibu ingekuwa na maana kama wengine wote wangekuwa bado kazini.

Hoja ya usalama ndiyo inayostahili kusikilizwa kwa makini, na ndiyo inayofanya ushauri wa miji mingine usifae hapa bila kukatwa na kupimwa upya. Anayetangaza kwamba kontra imekwisha anatangaza pia, bila kutaka, kwamba huenda amepokea dekonti. Anayeweka picha akiwa mbele ya gari la shirika na namba yake ya simu anampa mgeni jina, sura, kazi na njia ya kumpata. Kwenye barabara ambazo watu hutekwa kwa ajili ya pesa, hilo si jambo dogo.

Dawa si kurudi kwenye siri. Dawa ni kutenganisha kinachohusu kazi na kinachohusu mwili na nyumba. Ufundi, miaka ya uzoefu, lugha, leseni ya kuendesha gari na miji ambayo mtu yuko tayari kwenda, hayo yaonekane. Mtaa anaokaa, namba ya simu, siku anazosafiri, majina ya watoto na kiasi alicholipwa, hayo yasiandikwe popote. Picha iwe ya uso tu, ukuta mtupu nyuma. Ujumbe unaweza kuingia kupitia LinkedIn yenyewe, kisha simu itolewe kwa mtu aliyekwisha kujulikana ni nani. Na kwenye mipangilio ya ukurasa wa hadharani mtu anaweza kupunguza kinachoonekana na asiye na akaunti anayemtafuta kwenye Google: aache jina na kazi, afiche picha.

Kuna pia wale ambao aina ya kazi yao inawanyima uhuru wa kutangaza kila kitu. Aliyepokea wanawake waliobakwa, aliyeandika majina ya vijana waliotoka kwenye makundi ya silaha, aliyefuatilia watoto waliopotezana na wazazi, ana ndani ya kichwa chake habari ambazo mtu mbaya angezitaka. Huyu anaweza kujionyesha, lakini aandike kazi yake kwa upana, mfano mfanyakazi wa ulinzi wa watu au msaidizi wa kijamii, bila kutaja vijiji wala vituo. Na akihisi kwamba hata hilo ni zito mahali alipo kwa sasa, basi kwake njia ya siri, pamoja na simu kwa wenzake wachache anaowaamini, ni uchaguzi wenye akili. Hakuna kazi inayozidi uhai.

Hali ya tatu ni ya yule ambaye bado yuko ndani ya preavi, au ambaye amesikia kwamba mradi hautaendelea lakini hajapata barua. Kwake "Recruiters only" ndiyo mahali pake kwa wiki hizo, ili asionekane ameondoka kabla hajaondolewa. Lakini asidanganyike kwamba amefichika. Baraka ni ndogo, maafisa wa RH wanajuana, na chombo chenyewe hakihakikishi siri. Siku kontra inapokwisha kweli, abadilishe uchaguzi siku hiyo hiyo.

Baada ya duara la kijani kuonekana, mgeni wa kwanza anaweza asiwe mwajiri. Anaweza kuwa tapeli, na matapeli wanalijua duara hilo vizuri. Yule mtunza depo anapokea ujumbe siku ya tatu: shirika kubwa la kimataifa linafungua depo Kalemie, mshahara ni mara mbili ya ule wa zamani, hakuna mtihani, lakini dola 45 zitumwe leo kwa M-Pesa ili dosie ifunguliwe na uchunguzi wa daktari ulipwe. Ujumbe umeandikwa vizuri, una alama ya shirika, hata una sahihi.

Dalili za uongo zimo ndani ya ujumbe wenyewe. Pesa zinaombwa kabla ya kazi, wakati mashirika ya Umoja wa Mataifa huandika kwenye matangazo yao kwamba hayatozi malipo katika hatua yoyote ya kuajiri. Barua pepe inaishia na gmail.com badala ya jina la shirika. Kazi yenyewe haionekani kwenye tovuti ya shirika wala kwenye kibao cha biro yao. Na kuna haraka, leo, kabla ya saa kumi. Mtunza depo anafanya jambo moja rahisi: anamwomba binamu aliye Kalemie apite kwenye biro ya shirika hilo na kusoma kibao. Hakuna tangazo. Anaripoti ukurasa ule kwa LinkedIn, kisha anaandika kwenye kundi la WhatsApp la wenzake waliofungiwa kontra, kwa sababu ujumbe ule ule umewafikia wengine pia.

Kuna watakaosema kwamba matapeli ndio sababu ya kutojionyesha. Lakini matapeli wako kwenye WhatsApp na kwenye simu za kawaida pia, na wanawapata hata wale waliojificha. Tofauti ni kwamba aliyejionyesha anapata pia ujumbe wa kweli. Kwa mtunza depo yule, ujumbe wa kweli haukuja na ahadi. Ulikuja kutoka kwa yule mama wa lojistiki, picha ya tangazo iliyopigwa kwa simu mbele ya biro, na maneno matatu: "Kaka, kesho mwisho." Alikuwa na hati zake tayari. Alipeleka bahasha asubuhi.

Kama atashinda mtihani, hilo ni jambo la mtihani. Watu wengi watakuwa wameketi chumba kimoja naye, na nafasi ni moja. Kujionyesha hakuongezi idadi ya kazi katika Fizi, na yeyote anayeahidi hivyo anauza upepo. Kunachofanya ni kumtoa mtu kwenye orodha ya wale ambao hawakujua kwamba kulikuwa na mtihani.

Mashirika nayo yana sehemu yao. Shirika linalofunga mradi linaweza kutoa hati za mwisho wa kazi kabla biro haijafungwa, kuacha barua pepe moja inayojibu maswali ya ushuhuda kwa angalau mwaka, na kuwapa mashirika yaliyobaki orodha ya wafanyakazi waliokubali majina yao yapelekwe. Hilo halihitaji pesa za Marekani. Linahitaji afisa mmoja na siku chache za mwisho.

Kwa aliyekwisha kufungiwa kontra, uamuzi ni wa leo jioni. Aandike tarehe ya mwisho, achague waone wote, afiche simu na mtaa, atayarishe hati. Na siku atakapotia sahihi kontra mpya, arudi kwenye kitufe kile kile na kuliondoa duara, ili simu ya afisa wa RH ya kesho imwendee yule ambaye bado anangoja.